Usikimbilie jumla, soma kwanza namba ya jino

Mama mmoja anayeuza vitambaa katika Soko Mugdi, mjini Garissa, alinijia hivi majuzi akiwa na simu mkono mmoja na kiganja cha mkono wa pili kimeegemea shavu la kulia. Kwenye simu mlikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya karatasi ya makadirio ya gharama aliyopewa na kliniki moja ya meno hapa mjini. Ya pili ilikuwa ya karatasi kama hiyo, ambayo mdogo wake alimletea kutoka kliniki nyingine mtaani Eastleigh, Nairobi.

"Daktari," akaniambia, "hawa wanataka kunitibu jino la arobaini na sita. Kwani mimi nina meno mangapi?"

Nilicheka, naye akacheka ingawa shavu lilikuwa likimuuma. Lakini swali lake halikuwa la mzaha. Mtu mzima aliyeota meno yote ana meno 32, na karatasi ilitaja jino 46. Kliniki ya Garissa ilidai shilingi 45,500, ile ya Eastleigh shilingi 16,000. Mama alikuwa amekwisha kuamua kupanda basi, na kilichomfanya asite ni ile namba tu.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu wengi wetu huisoma karatasi ya daktari wa meno kama tunavyosoma risiti ya duka. Jicho hukimbilia chini kwenye jumla, tunalinganisha jumla mbili, kisha tunachagua iliyo ndogo. Kwa maoni yangu, hakuna mstari unaopotosha kuliko huo wa mwisho. Hebu tuzitazame karatasi za mama huyu mstari kwa mstari, halafu msomaji ahukumu mwenyewe. Bei nitakazozitaja ni zake yeye, wala si kipimo cha mji mzima.

Karatasi ya Garissa iliandikwa hivi:

IOPA x 2 – 2,000
46 RCT – 15,000
46 PFM crown – 18,000
18 XLA – 2,500
36 MO comp – 4,000
FMS – 4,000

Ya Eastleigh ilikuwa fupi zaidi:

46 RCT p/c – 8,000
Ext 18 – 2,000
Fill 36 – 3,000
Cleaning – 3,000

Tuanze na namba. Nilimwambia, "Mama, hapo hapana arobaini na sita. Soma nne, halafu soma sita." Tarakimu hizo mbili hufanya kazi mbalimbali. Ya kwanza inataja robo ya kinywa, na ya pili inataja jino ndani ya robo hiyo. Robo ya 1 ni taya la juu upande wako wa kulia, ya 2 ni juu kushoto, ya 3 ni chini kushoto, na ya 4 ni chini kulia. Kulia na kushoto hapa ni kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa daktari anayemtazama. Kwa hiyo usijitazame kwenye kioo au kwenye kamera ya mbele ya simu ukaja kuchanganyikiwa. Shika shavu lako kwa mkono, hapo hutakosea.

Ndani ya kila robo tunahesabu kuanzia katikati ya kinywa kwenda nyuma. Meno 1 na 2 ni ya mbele, ya kukatia. Jino 3 ni chonge. La 4 na la 5 ni magego madogo. La 6, la 7 na la 8 ni magego makubwa, na hilo la 8 ndilo gego la mwisho, ambalo huota mtu akiwa amekwisha kuwa mkubwa, na wengine halioti kabisa. Basi nne-sita ni gego kubwa la kwanza, chini kulia, na ndilo hasa alilokuwa amelishikia shavu. Moja-nane ni gego la mwisho la juu kulia. Tatu-sita ni ndugu wa nne-sita, upande wa kushoto.

Mtindo huu ni wa Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Meno, nao umetumika tangu miaka ya 1970 katika sehemu kubwa ya dunia. Kwa watoto robo huitwa 5, 6, 7 na 8 badala ya 1 hadi 4, na meno huishia namba 5 kwa kuwa meno ya utotoni ni 20 tu. Mzazi akiona 75 kwenye karatasi ya mwanawe asishtuke. Hilo ni gego la nyuma la utotoni, chini kushoto.

Huenda msomaji akauliza ni hasara gani mtu hupata asipojua haya. Mama huyu ana mpwa wake Minneapolis, Marekani, na kama ilivyo desturi ya familia nyingi za Kaskazini Mashariki, shauri lolote lenye fedha nyingi hupitia kwanza kwa jamaa walio ng'ambo. Picha ya karatasi ya Garissa ilitumwa. Binti akampigia mara moja: "Habaryar, usikubali! Hiyo kumi na nane ni gego zuri la kutafunia, la chini kushoto. Wanataka kuling'oa la nini?"

Binti hakuwa mjinga. Marekani wana mtindo wao. Wao huhesabu meno ya mtu mzima moja kwa moja, 1 hadi 32. Huanzia gego la mwisho la juu kulia, wakavuka hadi la mwisho la juu kushoto ambalo ni 16, wakashuka chini kwenye 17, na kurudi upande wa kulia hadi 32. Kwa hesabu hiyo 18 kweli ni gego la pili kutoka nyuma, chini kushoto. Kwa hesabu yetu ni jino jingine, katika taya jingine na upande mwingine. Dalili ya kutambua ni rahisi. Karatasi ikiwa na namba yoyote iliyozidi 32, kama hiyo 46, haiwezi kuwa ya mtindo wa Kimarekani. Lakini namba zote zikiwa kati ya 11 na 28, picha peke yake haitoshi. Ndiyo maana ukituma karatasi ng'ambo, andika kando kwa maneno: "gego la mwisho, juu kulia." Maneno hayo hayana mitindo miwili.

Sasa tuyatazame majina ya kazi, kwa sababu humo ndimo fedha zilimojificha. RCT ni matibabu ya mzizi wa jino. Uozo ukifika kwenye kiini, ambamo mna mishipa ya damu na ya fahamu, kuziba tundu kwa juu hakusaidii. Daktari hutia ganzi, hufungua jino, huondoa kiini kilichooza, kisha huisafisha mifereji iliyomo ndani ya mizizi kwa vyuma vyembamba mfano wa sindano na kwa dawa. Urefu wa kila mfereji hupimwa. Mwishowe mifereji hujazwa utomvu unaofanana na mpira na kufungwa. Jino la mbele aghalabu huwa na mfereji mmoja. Gego kama nne-sita kwa kawaida huwa na mifereji mitatu, na mara nyingine minne.

Hapo ndipo zile herufi ndogo "p/c" za Eastleigh zilipoanza kusema. Tulipiga simu tukauliza. Maana yake ni kwamba bei ya 8,000 ni ya kila mfereji. Kwa gego lenye mifereji mitatu bei ni 24,000, na ukipatikana wa nne ni 32,000. Karatasi ya Garissa ilitaja 15,000 kwa jino zima. Kile kilichoonekana rahisi kwa nusu kikawa ghali kupita mwenzake. Sisemi kwamba kliniki ile ilidanganya, maana iliandika. Nasema iliandika kwa namna ambayo mgonjwa hangeweza kuisoma.

Mstari unaofuata, PFM crown, ni kofia ya jino, ambayo wengi wetu huiita krauni. PFM ina maana kwamba ndani ni madini na nje ni kauri yenye rangi ya jino. Mama aliniuliza kama hiyo si pambo la kumwongezea gharama. La. Gego lililotibiwa mzizi huwa limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mwili wake kwa uozo na kwa kufunguliwa, na nguvu za kutafuna huelemea zaidi kwenye magego. Likiachwa bila kofia, huweza kupasuka siku moja kwa mfupa mdogo tu, na likipasuka kuteremka hadi kwenye mzizi halina dawa ila kung'olewa. Fedha zote za RCT zinakuwa zimetupwa. Jino la mbele lililobaki na mwili wa kutosha laweza kusamehewa kofia, lakini gego kwa kawaida halisamehewi. Karatasi ya Eastleigh haikutaja kofia kabisa. Tulipouliza wakajibu kwamba bila shaka itahitajika, nayo ni 15,000.

IOPA ni eksirei ndogo ya jino moja au mawili, inayoonyesha hadi ncha ya mzizi. Kazi ya mizizi haifanywi kwa kubahatisha. Huhitajika picha ya kuanzia, na nyingine ya mwisho ya kuonyesha kazi ilivyokwenda. Garissa waliweka picha mbili kwenye hesabu. Eastleigh hawakuweka hata moja, na kwa simu walisema ni 1,000 kila moja. Mgonjwa ana haki ya kuomba kuonyeshwa ile ya mwisho. Utomvu huonekana kama uzi mweupe ndani ya mzizi, na yafaa uzi huo ufike karibu kabisa na ncha. Ukikatikia katikati ya njia, omba maelezo kabla ya kukubali kofia iwekwe juu yake.

Nisije nikaonekana mpiga debe wa mji wangu, karatasi ya Garissa nayo ilikuwa na pengo. Baada ya RCT na kabla ya kofia, jino hujengwa upya kwa dawa imara ya kuzibia ili kofia ipate kitu cha kushika. Je, kazi hiyo imo ndani ya zile 15,000? Tulikwenda kuuliza, nao wakakiri kuwa haimo na kwamba ni 4,000 zaidi. Eastleigh walisema kwao imo.

Mistari iliyobaki ni myepesi. XLA na Ext ni kung'oa jino kwa ganzi. Hapa namba ya jino ndiyo hufasiri bei. Gego la mwisho la juu lililokwisha kuota sawasawa kwa kawaida hung'oka bila taabu kubwa. Lakini 38 au 48, magego ya mwisho ya chini, yakiwa yamelala ndani ya mfupa, hutakiwa kupasuliwa ufizi na kukatwa vipande, nayo bei huwa mara kadhaa ya hiyo. Usilinganishe kamwe bei ya kung'oa kwako na ya jirani kabla hujalinganisha namba.

MO ni pande za jino zinazozibwa, yaani ule wa kutafunia na ule unaoelekea mbele. Herufi zikiongezeka, tundu ni kubwa zaidi na bei hupanda. Comp ni kompoziti, dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa. Eastleigh waliandika kuziba tu, bila pande wala dawa. FMS na Cleaning ni kitu kimoja, yaani kukwangua ukoga mgumu kwenye meno yote.

Tukakaa tukaandika upya. Garissa: 45,500, ongeza 4,000 za kujenga jino, jumla 49,500. Eastleigh: 16,000, ongeza 16,000 za mifereji miwili zaidi, ongeza kofia 15,000, ongeza eksirei mbili 2,000, jumla 49,000. Ile tofauti ya shilingi 29,500, iliyotaka kumpandisha mama basi, ilikuwa imebaki shilingi 500. Nazo hizo 500 hazikufika hata Madogo, ng'ambo ya mto Tana. RCT ya gego huweza kuchukua ziara moja hadi tatu, na kofia aghalabu huchukua mbili, moja ya kulichonga jino na kuchukua kipimo, nyingine ya kuivisha. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Mgonjwa wa Garissa anayelinganisha bei ni lazima azidishe nauli na malazi kwa idadi ya ziara, na idadi hiyo haikuandikwa kwenye karatasi yoyote kati ya zile mbili.

Kuna hesabu nyingine ambayo mama aliniuliza kwa sauti ya chini: je, akiling'oa tu nne-sita kwa shilingi 2,500? Hilo ni chaguo halali, wala daktari asimwonee mtu aibu kwa kulichagua. Lakini alijue lote. Pengo likiachwa, gego la nyuma huelekea kulalia mbele na la juu kushuka. Akitaka kulijaza kwa daraja lisilovuliwa, karatasi itaandikwa 45–47 x 3, kwa kuwa jino moja lililokosekana hulipiwa vipande vitatu, moja la katikati na kofia mbili za jirani, ambao watachongwa hata kama ni wazima. Kwa bei ya 18,000 kwa kipande, hiyo ni 54,000. Jino la bandia la kuvaa na kuvua ni rahisi zaidi. Asipotaka lolote, abaki na pengo akijua.

Vilevile karatasi moja si deni la siku moja. Nilimshauri amuulize daktari lipi ni la sasa na lipi laweza kungoja. Nne-sita lilikuwa la sasa, na RCT na kofia yake havifai kutenganishwa kwa miezi mingi. Moja-nane halikuwa likimuuma. Daktari alieleza kuwa limeoza ubavuni, mahali ambapo mswaki haufiki, lakini akakubali kuwa laweza kungoja mwezi au miwili. Mama akaanza kwa kliniki ya Garissa, akalipa kwa awamu.

Hata hivyo kulinganisha kuna mipaka yake. Picha ya karatasi haimwonyeshi mtu wa mbali jino lenyewe. Bila eksirei na bila kutazama kinywani, jamaa wa ng'ambo, hata mimi, twaweza kufasiri maneno tu, hatuwezi kusema kama tiba ni sahihi. Na maumivu yakitoweka yenyewe wakati unatafuta bei nafuu, usiseme umepona. Mara nyingi ni kwamba kiini kimekwisha kufa, na uozo unaendelea kimyakimya kuelekea kwenye mfupa. Shavu au shingo ikivimba, ukipata homa, mdomo ukikataa kufunguka au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, weka simu kando na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Lawama yangu kubwa siielekezi kwa mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nayo, na sadfa ni kwamba kifungu chenyewe ni cha 46. Karatasi ya herufi "p/c" mbele ya mama asiyesoma Kiingereza haijatimiza hayo. Madaktari wenzangu, haitugharimu chochote kuandika "gego la kwanza, chini kulia: kutibu mzizi, jino zima, ziara mbili, pamoja na eksirei", kwa Kiswahili au Kisomali. Anayeona aibu kuandika bei yote waziwazi ajiulize ni kwa nini.

Mpaka siku hiyo ifike, msomaji, kabla hujainuka kitini muulize daktari mambo manne na umwombe ayaandike kwenye karatasi hiyo hiyo. Ni jino lipi, kwa namba na kwa maneno? Bei hii ni ya jino zima, ya mfereji au ya ziara? Ni dawa gani au kofia ya aina gani? Na baada ya hili, ni kazi gani nyingine nitakayolazimika kulipia kwenye jino hili hili? Chukua na nakala ya eksirei yako, maana umekwisha kuilipia na huenda ikakupunguzia kulipia nyingine. Ukiwa na hayo, ndipo upige picha uitume popote upendapo.